Kumbukumbu za mkutano: "itafuatiliwa" na nani?

Dhana: Kumbukumbu nzuri hunasa kila neno lililosemwa.

Katibu wa kikundi chetu cha maji hapa Kisumu aliniletea rasimu niipitie. Kipengele cha tangi kilisomeka hivi:

"Mweka hazina alilalamika kwamba tangi bado linavuja. Mwanachama mmoja alidai fundi alikula pesa. Baada ya mjadala mkali, ilikubaliwa kuwa suala hilo lishughulikiwe haraka iwezekanavyo."

Aliyekosa mkutano akisoma hapo atajua watu walikasirika, basi. Hajui nani anatafuta fundi, wala lini. Mimi huanza na kalamu nyekundu kwenye kauli ya kutendwa: lishughulikiwe, itafuatiliwa, ilionelewa. Kila kitenzi cha namna hiyo humficha mtendaji, kwa hiyo nauliza: na nani? Kufikia tarehe gani? Baada ya kumuuliza mwenyekiti na kurejelea daftari la katibu, kipengele kilibaki hivi:

"Mweka hazina aliripoti kuwa tangi linavuja baada ya ukarabati. Wanachama walijadili kazi ya fundi wa kwanza.
Azimio: Kutafuta bei za mafundi watatu.
Mhusika: Katibu msaidizi.
Tarehe: Ijumaa, 14 Machi 2025."

Mjadala umebaki sentensi mbili, zinazotosha kueleza kwa nini azimio lilipitishwa. Azimio limepewa mstari wake ili jicho lilione bila kutafuta.

Dhana: Mhariri akiona pengo, alijaze.

Hapana. Kama mkutano haukumtaja mhusika, andika "mhusika hakuteuliwa", kisha mjulishe mwenyekiti jambo hilo liingie kwenye yatokanayo ya mkutano ujao. Ukimbandika mtu jina kwa kuwa kwa kawaida ndiye hufanya kazi hiyo, atakuja kusema hakukubali, naye atakuwa na haki.

Dhana: Kutoegemea upande ni kufuta upinzani.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kinachotolewa ni rangi ya maneno. "Alidai" hudokeza kwamba huenda anadanganya, "alikiri" humfanya mkosaji, na "mjadala mkali" ni maoni ya katibu. "Alisema", "aliripoti" na "alipendekeza" hazimhukumu mtu. Ile tuhuma ya fundi kula pesa niliitoa, maana haikuwa na ushahidi wala azimio, na karatasi hizi husomwa na watu wa nje. Lakini kura za kupinga hubaki: "Kura 11 ziliunga mkono, 4 zilipinga." Aliyeomba pingamizi lake liandikwe, liandikwe.

Dhana: Zikishatiwa sahihi, kosa hufutwa kwa wino mweupe.

Marekebisho ya kumbukumbu zilizothibitishwa huletwa mkutanoni na kuandikwa kwenye kumbukumbu za siku hiyo. Ukurasa wa zamani hauguswi.