"Matengenezo Makubwa ni ya Mwenye Jengo": Yameandikwa Wapi?

Wiki iliyopita mteja mwingine aliketi mbele yangu akiwa na mkataba wa pango aliokwisha kuutia saini, akanieleza kwa utulivu kabisa kwamba paa la duka linavuja lakini hana wasiwasi, kwani matengenezo madogo ni ya mpangaji na makubwa ni ya mwenye jengo. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na siku hizi huijibu kwa swali moja tu: yameandikwa wapi? Katika mkataba wake hayakuandikwa popote. Kilichoandikwa, katika kifungu cha 9, ni kwamba mpangaji "atalitunza duka na kulirudisha likiwa katika hali nzuri".

Tafadhali yasome maneno hayo polepole. Hayasemi "katika hali aliyolikuta", yanasema "katika hali nzuri". Aliyepokea duka lenye nyufa anaweza kudaiwa alirudishe bila nyufa, nao ubishi juu ya nani alizikuta huja siku ya kuondoka, amana ikiwa bado mikononi mwa mwenye jengo. Tena, "duka" lenyewe ni nini? Mkataba wake haukueleza kama paa limo, wala kama limo bomba la maji machafu linalopita chini ya sakafu yake huku likihudumia vyumba vitatu vya jirani.

Kabla ya kutia saini, mimi hudai kifungu hicho kigawanywe sehemu mbili. Paa, msingi, kuta za nje, pamoja na mabomba na nyaya mpaka zinapoingia dukani, viwe juu ya mwenye jengo. Rangi ya ndani, vitasa, taa, vioo na kila alichokifunga mpangaji mwenyewe viwe juu ya mpangaji, isipokuwa uchakavu wa kawaida. Kisha, siku ya kukabidhiwa funguo, kila ukuta, dari na sinki vipigwe picha, na picha hizo zitiwe saini na pande zote mbili na kuambatishwa kwenye mkataba. Picha zilizobaki katika simu yako peke yako, mwenzako atasema ulizipiga lini anajua nani.

Nakiri kwamba hata mgawanyo huo hauzibi kila mwanya. Mlango wa chuma wa kukunjwa ukikwama na springi ikabadilishwa, hilo ni tengenezo. Ukibadilishwa mlango mzima kwa sababu umeliwa na kutu, je, ni tengenezo au ni mali mpya ya mwenye jengo? Nimewahi kuzitetea hoja zote mbili, kwa wateja tofauti, na hakuna iliyoniridhisha. Ndiyo maana huweka kikomo: gharama ya tengenezo moja ikizidi kodi ya mwezi mmoja, ziada inamhusu mwenye jengo. Huongeza pia kwamba, akikaa siku 14 baada ya notisi ya maandishi bila kurekebisha, mpangaji anaweza kurekebisha na kukata gharama katika kodi. Ruhusa hiyo isipoandikwa, anayekata kodi anajitia katika hatari ya kuhesabiwa kuwa mdaiwa.

Urefu wa mkataba hauwezi kutenganishwa na habari hiyo. Mteja wangu ana miaka 2, kwa hiyo akiezeka paa upya atakuwa amemwezekea mpangaji atakayemfuata. Anajifariji kwa sentensi isemayo kwamba mkataba "unaweza kuongezwa kwa makubaliano ya pande zote mbili", sentensi ambayo haimpi kitu chochote, kwani watu wawili wakikubaliana wanaweza kuongeza mkataba hata bila sentensi hiyo. Haki ya kuongeza ni ile ambayo mpangaji akitoa notisi kwa wakati, mwenye jengo hana la kukataa, na namna ya kukokotoa kodi mpya imekwisha kuandikwa.

Kuhusu kodi nitasema machache. "Asilimia 10 kila mwaka" ni hesabu mbili tofauti: kodi ikianzia 100, mwaka wa tano itakuwa 140 ikiwa nyongeza inakokotolewa kwa kodi ya mwanzo, na 146.41 ikiwa inakokotolewa kwa kodi ya mwaka uliotangulia. Iandikwe ni ipi. Na "kulingana na soko" bila kumtaja mkadiriaji maana yake ni kulingana na mwenye jengo.

Amana nayo iandikiwe siku ya kurudishwa, na kila makato yaje na risiti. Lakini kifungu cha 9 kikibaki kama kilivyo, risiti hizo zitakuwa za kupaka rangi na kuziba nyufa alizozikuta.

Tumemwandikia mwenye jengo kupendekeza nyongeza ya mkataba. Paa amelikubali, kwa kuwa linavujia pia stoo yake mwenyewe. Bomba amelikataa, na hana sababu ya kufanya haraka, maana saini anayoihitaji anayo tayari.