Orodha ya shoti si hadithi yako iliyokatwa vipande

Wiki hii nimeletewa tena orodha ya shoti inayoanzia mwanzo wa video na kuishia mwisho wa video. Chini yake swali ni lilelile: "Kaka, mbona tulipiga siku mbili na orodha tulikuwa nayo?" Mlikuwa na hadithi iliyowekewa namba, ndugu zangu. Orodha hamkuwa nayo.

Niseme mara moja ili nisirudie kwenye kila meseji. Karatasi ni mbili, na kila moja ina kazi yake. Storibodi, yaani michoro ya shoti kwenye maboksi, inafuata mpangilio wa hadithi, kwa sababu kazi yake ni kukuonyesha kama shoti zitaunganika kwenye uhariri. Orodha ya shoti inafuata mpangilio wa kupiga, kwa sababu kazi yake ni kuokoa muda na mwanga. Ukizifanya zote mbili zifuate hadithi, umeandika kitu kimoja mara mbili.

Tuchukue video ya dakika moja ya mama anayeuza chapati, ya kuwekwa kwenye simu. Hadithi ina shoti kumi na mbili. Ya 1, barazani, mkono unachana chapati ya moto, klozapu, yaani picha ya karibu kabisa. Ya 2, mama anafungua mlango wa banda. Ya 3, unga unamiminwa kwenye beseni. Ya 4, mikono inakanda. Ya 5, uso wa mama akieleza. Ya 6, anakata madonge. Ya 7, anasukuma kwenye kibao. Ya 8, chapati inaingia kwenye kikaango. Ya 9, inageuzwa. Ya 10, zinapangwa kwenye hotipoti. Ya 11, wateja barazani na chai. Ya 12, uso wa mama tena, anacheka.

Ukipiga hivyo hivyo, unakwama kwenye shoti ya kwanza, maana chapati ya kuchana haijapikwa. Halafu hesabu kamera inahama mara ngapi: baraza, mlango, meza, uso, meza, jiko, baraza, uso. Mikao minane. Kila mkao mpya ni stendi, mwanga, fokasi, na mtu wa kuondoa ndoo iliyojitokeza nyuma. Mimi huweka robo saa, na nikiwa na msaidizi mzembe ni zaidi. Ukipanga kwa mkao unabaki na mitano: mlango, meza, uso, jiko, baraza. Umeokoa dakika arobaini na tano.

Hapo ndipo wengi wanasimama na kujipongeza, na hapo ndipo mimi huanza kukasirika. Kupanga kwa mkao wa kamera ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni hali ya vitu. Aproni ni safi lini, na ina unga lini? Jiko limewashwa au bado? Donge ni bichi au limeshalala? Kitu kilichobadilika hakirudi, kwa hiyo hali ya kitu inashinda mkao wa kamera kila zinapogombana.

Angalia meza. Shoti ya 3, 4, 6 na 7 zote ni za mezani, karibu na dirisha linalotazama mashariki. Umezipanga pamoja, vizuri. Lakini unga uliokandwa unahitaji kupumzika kama nusu saa kabla ya kukatwa madonge. Ukisubiri, jua lililokuwa juu ya beseni limeshahama, na mhariri atakuuliza kwa nini mama alikanda asubuhi akasukuma mchana. Dawa yake lazima iandikwe kwenye orodha, tena kwa herufi kubwa: UNGA WA PILI, UKANDWE ALFAJIRI. Mama anamimina na kukanda mbele ya kamera, beseni linaondolewa, linaingia la alfajiri, na mnaendelea kukata kwenye mwanga uleule. Waambie wakate madonge ya ziada pia, kwa sababu kugeuza chapati moja kwa shoti nzuri kunakula chapati tatu.

Basi orodha yangu inasomeka hivi, namba zikiwa zilezile za hadithi. Kwanza 2, wakati aproni bado safi. Kisha 3, 4, 6, 7 mezani, kuanzia saa mbili asubuhi. Kisha 5 na 12, uso, kabla jiko halijawashwa, kwa sababu ya 5 ina maneno na mafuta yanayochemka yataingia kwenye maiki. Feni inazimwa, friji inazimwa. Funguo za gari zinawekwa ndani ya friji, la sivyo mtaondoka mkiiacha imezimwa na samaki wa mama waoze. Kisha jiko: 8, 9, 10. Halafu mbio barazani na chapati iliyotoka sasa hivi kwa shoti ya 1, kwa sababu mvuke haudumu, na hauonekani kwenye kamera mpaka mwanga utoke nyuma yake. Mwisho 11, wateja wakila. Wakishaanza kula hakuna atakayekuruhusu kurudia, na hutaki kurudia.

Usibadilishe namba ili zifuate kupiga. Andika 2, 3, 4, 6, 7, 5, 12 hivyohivyo bila aibu. Kibao cha mwanzo wa shoti kibebe namba ya hadithi, na mhariri atakushukuru.

Sasa storibodi. Ukisema hujui kuchora sikusikilizi. Watu wa vijiti wanatosha. Kinachotakiwa kwanza ni boksi lenye umbo sahihi. Kama video ni ya simu, chora boksi lililosimama la 9:16, siyo la kulala. Watu huchora la kulala kwa mazoea, kisha siku ya kupiga wanagundua meza haiingii. Pili, mshale wa kila kinachosogea na upande ambao uso unatazama. Kwenye chapati zetu, mama akiwa mezani anatazama kulia. Ukienda jikoni ukaweka kamera upande wa pili wake, atatazama kushoto, na zikiunganishwa itaonekana kama amegeuka kurudi alikotoka. Kwenye maboksi unaliona kosa hilo kwa sekunde moja. Tatu, soma ukubwa: boksi tatu mfululizo zenye mikono ya ukubwa uleule zitaonekana kuruka zikiunganishwa. Moja iwe waidi, ya kuonyesha eneo zima, au iondolewe.

Nina shaka zangu, na sizifichi. Shoti ya 12 inapigwa kabla mama hajapika hata chapati moja, nami namwambia acheke kama ameuza zote. Mwigizaji ataweza. Mama wa kawaida mara nyingi anatoa cheko la picha ya kitambulisho. Mara nyingine naihamishia mwisho kabisa na kupoteza robo saa ya mkao, na sijapata kanuni ya kuamua lini. Natazama tu alivyokuwa kwenye shoti ya 5. Kwa mahojiano matupu sichori storibodi kabisa. Na kila orodha naiachia mistari miwili mitupu, kwa ajili ya mtoto atakayeingia kuiba donge.

Weka alama kwenye shoti ambazo video haiwezi kuishi bila hizo. Hapa kwangu ni 1, 5, 7 na 9. Muda ukibana, ya 10 inakatwa bila mjadala. Kabla ya kukunja stendi, mtu mmoja anasoma orodha kwa sauti na mwingine anafungua kila faili kwenye kamera. Sauti ya chumba kitupu, sekunde thelathini bila mtu kuongea, iwe ilishachukuliwa baada ya shoti ya 5. Friji iwashwe, funguo zitolewe.