Bibi ni wa kike, anniversaire ni ya kiume

Wiki hii ni mtu wa tatu kuniletea *bonne anniversaire*, akitaka kumtakia bibi yake heri ya siku ya kuzaliwa kwa Kifaransa. Binti ninayemfundisha Kifaransa hapa Dar ana bibi mzaa baba huko Ubelgiji, anatimiza miaka 80. Akanitumia ujumbe niupitie "haraka tu, mwalimu":

"Bonne anniversaire ma grande-mère! Je vous souhaite une bonne santé. Je te manque beaucoup. Votre petite fille."

Nikamuuliza kwa nini *bonne*, ya kike, na si *bon*, ya kiume. Jibu ni lilelile: "Si bibi ni mwanamke?"

Jamani. Kwa Kiswahili tunasema siku njema, iwe kwa bibi au kwa babu. Hakuna anayesema "siku mwema" eti kwa sababu anayepongezwa ni mtu. Sifa inafuata jina lililo jirani yake, na *anniversaire* ni ya kiume hata kama mwenye sherehe ni bibi, shangazi na mapacha wa kike kwa pamoja. *Bon anniversaire*. Basi.

Ila nikiwa mkweli, kosa hili lina utetezi. *Bon* ikisimama peke yake hutoka puani, n yake haigongwi. Ikikutana na irabu, pua inaachia na n inahamia mbele: *bo-nanniversaire*. Kwa sikio, hapo *bon* na *bonne* ni kitu kimoja. Ndiyo maana hata Wafaransa wenyewe huandika *bonne anniversaire*. Wengine hukwepa kwa *joyeux*, halafu wanaandika *joyeuse*, maana x ikiungana na irabu inasikika z. *Bel anniversaire* nayo inasikika sawasawa na *belle*. Yaani karibu kila mlango unaokimbilia una mtego uleule. Anayejifunza kwa kusikiliza hana pa kushika, na vitabu vinavyosema "sikiliza, utajua" vinanichekesha.

Dawa ninayoitumia ni kuipeleka sifa nyuma ya jina: *un anniversaire important*. Hapo t ya mwisho haisikiki. Ingekuwa ya kike ungesikia *importante*, t ikigongwa. Sikio sasa lina ushahidi.

*Bon* au *joyeux*? Nimetafuta tofauti kwa miaka, sijaiona ya maana. Chagua. *Bonne fête* ni sahihi kabisa kwa bibi aliyeko Kebeki, lakini Ufaransa na Ubelgiji wengi wataisikia kama pongezi za siku ya mtakatifu wa jina lake.

*Grand-mère* haina e katikati, ni mabaki ya zamani *grand* ilipokuwa haibadiliki kwa jinsia. Na *petite-fille* bila kistari si mjukuu tena, ni msichana mdogo tu. Binti ana miaka 26.

*Je te manque* ndiyo iliyonichekesha zaidi. Alitaka kusema amemkumbuka bibi. Alichoandika ni kwamba bibi ndiye anayemkumbuka yeye, tena sana. Kitenzi hiki kiendee kama kukosekana: anayekosekana ndiye mtenda. Bibi anakosekana kwangu, *tu me manques*.

Tuje kwenye *vous*, yaani "nyinyi" ya heshima inayowekwa badala ya *tu*, "wewe". Mwanafunzi wangu anaona *tu* ni kumvunjia bibi heshima. Namwelewa: shikamoo haina mwenzake kwa Kifaransa, kwa hiyo anatafuta pa kuiweka, anaiona *vous* imekaa wazi. Lakini sisi wenyewe tunamwamkia bibi shikamoo kisha tunaendelea na "umeamkaje, bibi", umoja mtupu. Katika familia nyingi za Kifaransa leo, *vous* kwa bibi ni kama kumpa mkono badala ya kumkumbatia. Zamani nilikuwa naikata kwa kalamu nyekundu bila kuuliza. Kisha nikakutana na familia ambayo wajukuu wote humwita bibi yao *vous*, na mapenzi yapo tele. Siku hizi nauliza kwanza: kwenye simu mnaitanaje? Binti akasema *tu*, na kwamba humwita *Mamie*. Sasa *vous* ya nini kwenye kadi? Tena alianza na *vous*, akaja *te*, akamalizia *votre*. Mchanganyiko huo haukubaliki kwa familia yoyote.

Tukaishia hapa:

"Ma chère Mamie,
Joyeux anniversaire pour tes 80 ans ! Tu me manques beaucoup et je te souhaite une bonne santé. Je t'embrasse très fort.
Ta petite-fille qui t'aime"

*Bonne santé* imebaki na *bonne* yake, maana *santé* ni ya kike. Mjukuu wa kiume angeandika *ton petit-fils*, na kila kitu kingine kingebaki vilevile.

Aliutuma usiku huohuo. Asubuhi akanionyesha jibu la bibi: "Merci ma chérie, tu me manques aussi." Chini yake binti alikuwa ameshajibu: "Oui Mamie, je te manque."