Namba ya simu iwe hadharani, tarehe ya kuzaliwa isiwe

Mwanachama akipiga simu ofisini kwetu, kwenye chama cha akiba na mikopo hapa Moshi, kuuliza jambo la akaunti yake, mhudumu hamjibu papo hapo. Kwanza humuuliza jina kamili, kisha tarehe ya kuzaliwa. Taasisi nyingi zinazotunza fedha za watu hufanya vivyo hivyo. Maana yake ni kwamba tarehe ile ile ambayo watu huiandika juu ya keki na kuirusha mtandaoni, sisi wa ofisini tunaitumia kumtambua mteja. Huo ni udhaifu wetu wenye taasisi, na mimi kama mtu wa TEHAMA ningefurahi uondoke kesho. Lakini madhali upo, ni vizuri mwananchi aujue kabla hajaamua nini akionyeshe na nini akifiche.

Kwenye semina za wanachama swali linalokuja mara nyingi ni kama kuna hatari kuweka namba ya simu hadharani. Wengi hushangaa nikiwaambia waiweke tu. Fundi wa Majengo, muuza mitumba wa Kiborloni, dereva wa watalii kule Arusha, wote wanakula kwa namba zao. Ukiificha namba, mteja atampigia jirani yako. Na hata usipoiandika popote, tayari anayo bodaboda, anayo mwenye duka, na imo kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi, pale ambapo orodha ya ahadi hubandikwa ikiwa na majina, namba na kiasi cha kila mtu. Kinacholeta shida ni taarifa zinazokaa jirani na hiyo namba.

Tuchukue mfano wa kutunga. Mama Neema anauza mashuka Moshi, anafanyia biashara nyumbani kwake Pasua. Ana ukurasa wa Instagram wenye picha za mashuka na namba yake. Hapo hajakosea kitu. Sasa mtu asiyemjua anaichukua namba ile, anafungua huduma ya pesa kwenye simu yake na kuanza kama anayetaka kumtumia shilingi 1,000. Kabla ya kuweka namba ya siri, simu inamwonyesha jina lililosajiliwa kwenye laini, lenye ukoo wa Mushi. Analinakili, halafu anasitisha muamala. Hajatozwa hata senti, na Mama Neema hajapata ujumbe wowote. Utaratibu wa kuonyesha jina ni mzuri, umeokoa hela nyingi zilizokuwa ziende kwa mtu mwingine, ila una upande huu pia: ukitoa namba yenye akaunti ya pesa, umetoa na jina lako rasmi.

Yule mtu anashuka chini kidogo kwenye ukurasa. Anakuta picha ya tarehe 14 Machi 2024, keki, maputo, na maneno ya shukrani kwa Mungu kwa kutimiza miaka 40. Hesabu ni rahisi: amezaliwa 14 Machi 1984. Mama Neema hakuwahi kuandika mwaka wake wa kuzaliwa mahali popote, lakini umri na siku ya sherehe vimeuandika kwa niaba yake.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi wanalo mfukoni na hawajalitazama vizuri. Namba ya kitambulisho cha NIDA ina tarakimu 20, na tarakimu 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenye kitambulisho: mwaka, mwezi, siku. Ya Mama Neema inaanza hivi:

```
19840314-
```

Tarakimu 12 zinazofuata tapeli hawezi kuzikisia, kwa hiyo nisimtishe mtu. Tarehe peke yake haitoi namba nzima. Anachopata ni kauli ya kuaminika. Atapiga simu na kusema, kwa sauti ya ofisini kabisa: “Habari za saa hizi, naongea na Mama Mushi? Tunahakiki usajili wa laini yako. Namba yako ya NIDA inaanza na 19840314, sivyo? Naomba unimalizie zilizobaki.” Mtu akisikia jina lake rasmi na mwanzo wa namba ambayo yeye mwenyewe hajaikariri, anaamini anaongea na kampuni ya simu. Wale matapeli wa “ile hela tuma kwa namba hii” wanarusha ujumbe kwa kubahatisha, na wengi wetu tumeshawazoea. Huyu habahatishi, amejisomea kwanza.

Mara nyingi tapeli hahitaji hata hizo tarakimu 12. Akiwa bado kwenye simu, anaiweka namba ya Mama Neema kwenye WhatsApp ya simu yake. WhatsApp inatuma msimbo wa tarakimu 6 kwa mwenye laini. “Umepokea namba kwenye meseji? Nisomee tufunge zoezi.” Akisomewa, akaunti imehama. Dakika chache baadaye shangazi wa Kibosho na wateja wote wanapokea maombi ya mkopo wa haraka, laki moja na nusu, jioni nitarudisha. Dalili yake Mama Neema ataiona: WhatsApp yake itamwambia kwamba namba hiyo sasa inatumika kwenye simu nyingine. Hapo asipoteze muda kubishana na mtu. Aingize namba yake upya, apokee msimbo mpya, akaunti itarudi kwake, na huku awapigie ndugu simu ya kawaida wasitume kitu. Ugumu ni pale tapeli anapowahi kuweka namba ya siri ya ziada. Kwa kuwa huijui, kusubiri mpaka uingie bila hiyo kunaweza kuchukua siku 7. Ndiyo maana wewe uiweke kabla yake, pale palipoandikwa `Two-step verification` kwenye mipangilio ya akaunti, na isiwe 031484 wala kitu chochote kilicho kwenye keki.

Kwa hiyo tukirudi kwenye uamuzi, mimi hupima taarifa kwa kuuliza kama ikivuja inabadilika. Namba ya simu inabadilika, kwa usumbufu. Nyumba unaweza kuhama, kwa usumbufu mkubwa zaidi. Tarehe ya kuzaliwa utazikwa nayo. Taarifa isiyobadilika, ambayo pia ofisi huitumia kumtambua mtu, haina sababu ya kukaa kwenye ukurasa wenye namba ya simu. Watu wanaopenda pongezi si lazima wakose. Facebook inakuruhusu kuonyesha siku na mwezi huku mwaka ukiufanya wako peke yako, kwani vina mipangilio tofauti. Kwenye ukurasa wa biashara, acha kabisa kutaja umri. Sherehe iende kwenye kundi la familia.

Mama Neema akitaka kujitenga zaidi na biashara, aombe Lipa Namba. Mteja akilipa huko anaona jina la biashara, si jina la mwenye laini. Wengine hununua laini ya pili ya biashara, wazo zuri, ila wakifungua na akaunti ya pesa humo humo jina linatokea lile lile, na hapo hawajaficha chochote.

Anwani ndiyo inayonisumbua kuitolea jibu moja. “Nipo Pasua” haina madhara, mtaa una watu maelfu. Mteja anayekuja anaweza kukutana na bidhaa stendi, au ikapelekwa na bodaboda. Lakini siku hizi nyumba zetu zina vibao vya anwani za makazi, vyenye jina la barabara na namba ya nyumba, na picha nyingi za stetasi hupigwa mlangoni kwa sababu ndipo penye mwanga. Kibao kikisomeka nyuma ya bega lako, umetoa anwani kamili bila kuandika neno. Geuza simu kidogo au kata picha.

Na anwani ina msimu wake. Mwishoni mwa Desemba watu wa Arusha wenye asili ya huku wanafunga nyumba za Njiro na Sakina wanapanda kuja Rombo, Machame, Marangu. Foleni ya magari inarushwa mubashara, watoto wote ndani ya gari, “tumetoka wote, Mungu atufikishe.” Aliyekuwa anajua nyumba ilipo sasa anajua pia kwamba haina mtu mpaka Januari. Mbege na ndafu vipigwe picha, lakini virushwe mkisharudi. Hili ushauri wangu haupendwi, najua, maana picha ya sikukuu ikichelewa inakuwa imepoa.

Kuna jambo jingine ambalo tunalifanya kwa nia njema. Mtu anaokota kitambulisho cha NIDA stendi, anakipiga picha pande zote na kukisambaza kwenye makundi: “Mwenye nacho anitafute.” Zile tarakimu 12 ambazo tapeli asingezikisia, sasa zimesambaa mkoa mzima pamoja na sura na saini. Ukikiokota, andika tu jina na mahali kilipopatikana, au funika namba na tarehe kwa kidole kabla ya kupiga picha, kisha ukipeleke polisi au kwa mtendaji wa kata. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na Tume yake ndiyo inayopokea malalamiko. Sheria hiyo inazibana hasa taasisi kama yetu, kwa hiyo ukikuta ofisi imebandika ukutani orodha ya wanachama yenye namba za vitambulisho, una haki ya kulalamika.

Kama tarehe yako imeshazagaa, na kwa wengi wetu imeshazagaa, shughulika na vitu vinavyoitegemea. Namba ya siri ya huduma ya pesa yenye mwaka wako wa kuzaliwa ibadilishwe leo. Ukipigiwa na anayejiita huduma kwa wateja, angalia namba: kampuni za simu huwapigia wateja kwa namba 100, na aliyekupigia kwa namba ya kawaida mkatie, halafu tuma namba yake kwenda 15040. Mwisho piga `*106#` uone laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoitambua, nenda na kitambulisho kwenye duka la kampuni husika waifute mbele yako.