Lebo ya mlango wa nakshi si muhtasari wa jalada lake

Lebo ya makumbusho ni maandishi mafupi yanayowekwa karibu na kitu ili kumsaidia aliyesimama mbele yake akione vizuri zaidi. Maana hiyo isingehitaji maelezo zaidi kama si mazoea, yaliyoenea hata miongoni mwa watu wa kazi hii, ya kuita lebo kila muhtasari uliochotwa kwenye jalada la kitu, yaani faili la kumbukumbu zake, na kupunguzwa mpaka ukaenea kwenye kibao. Muhtasari hulitumikia jalada: hutaja kila jambo lililomo, ila kwa maneno machache. Lebo humtumikia mtazamaji, na kwa hiyo huacha mambo mengi ya kweli na yenye thamani kwa sababu tu hayamsaidii kuona.

Mkanganyiko huu si wa jana. Mwishoni mwa karne ya 19, George Brown Goode wa Taasisi ya Smithsonian ya Marekani alieleza kwamba makumbusho bora ya kufundishia ni mkusanyiko wa lebo zenye mafunzo, kila moja ikiwa na kielelezo chake kilichochaguliwa vizuri. Alitaka vitu viache kurundikwa kabatini bila maelezo, na katika hilo alikuwa na haki. Lakini mpangilio wake unakifanya kitu kuwa picha ya kusindikiza maandishi, na hapo ndipo sikubaliani naye. Mwaka 1916, Benjamin Ives Gilman wa Makumbusho ya Sanaa ya Boston alichapisha picha za mtu akiinama, akichuchumaa na kupinda shingo ili aone vitu na kusoma lebo zake, akaonyesha kwamba uchovu wa mgeni hutokana kwa sehemu kubwa na kazi tunayoupa mwili wake. Mgeni anayesoma amesimama, na kila sentensi tunayoiongeza anailipia kwa miguu na mgongo.

Tuchukue mlango wa mbao wenye pande mbili zinazokutana katikati, ulionakshiwa kwenye pande hizo, kwenye fremu na kwenye mfaa, yaani ule mti mwembamba wa wima unaoficha mwanya wa katikati. Jalada la mlango wa namna hii huwa limeshiba: aina ya mbao, vipimo, jinsi miimo ilivyounganishwa na kizingiti cha juu, majina ya mapambo, wamiliki waliopita, ukarabati wa kizingiti cha chini, rangi iliyobanduliwa. Mwandishi wa muhtasari huyapa yote haya nafasi sawa, na sentensi yake ya kwanza huwa kama hii: “Mlango huu wa mbao ngumu, wenye pande mbili, fremu iliyonakshiwa kwa maua na mistari ya mnyororo, na mfaa uliopambwa, ni mfano bora wa ufundi wa hali ya juu.” Kila neno hapo ni kweli, na hakuna hata moja linaloyapeleka macho mahali ambapo yasingekwenda yenyewe. Mgeni ameshaona kwamba ni mlango, kwamba ni wa mbao, na kwamba una maua. “Ufundi wa hali ya juu” ni hukumu ambayo angepaswa kuifikia mwenyewe baada ya kuonyeshwa jambo.

Mbao, mahali, mwaka, vipimo na namba ya usajili viwekwe kwenye mstari wa kitambulisho, juu au chini ya lebo, kwa maandishi yanayojitenga. Anayevitaka atavipata hapo, na lebo yenyewe itabaki na nafasi ya jambo moja. Kwa mlango huu ningechagua mfaa, kwa sababu ndio unaounganisha useremala, nakshi na matumizi, na yote matatu yanaonekana kwa aliyesimama mbele yake:

“Tazama mfaa wa katikati. Umepigiliwa kwenye upande wa kushoto tu, nao unafunika ukingo wa upande wa kulia. Kwa kuwa mlango ulifunguka kwa ndani, upande wa kulia ndio uliotangulia kila siku, na nakshi zake, usawa wa kiuno, zimelainishwa na mikono. Maua ya mfaa hayakubandikwa: mchongaji alichimba ubao unaoyazunguka, na alama za patasi yake bado zipo.”

Kila sentensi hapo inaweza kukaguliwa kwa macho. Mgeni atatazama katikati, kisha kulia, kisha kushoto ili alinganishe, kisha atasogea karibu kutafuta alama za patasi, na anapomaliza kusoma atakuwa ameutazama mlango mara nne. Istilahi ni moja tu, mfaa, nayo imefafanuliwa kwa mahali ulipo na kazi unayoifanya. Aina za viungo vya seremala nimeziacha, ingawa ni habari nzuri, kwa kuwa viungo hivyo vimefichika ndani ya fremu na mgeni angelazimika kuniamini bila kuona.

Kuhusu urefu, waandishi wengi hutafuta kikomo cha maneno kilichowekwa na makumbusho yanayoandika kwa Kiingereza, mara nyingi maneno 50 au 60, wakakihamisha kama kilivyo. Kwetu kipimo hicho hudanganya, maana neno moja kama “zimelainishwa” hubeba kazi ya maneno manne ya Kiingereza, hivyo maneno 60 ya Kiswahili ni marefu kuliko yanavyohesabika. Ni salama zaidi kuibandika rasimu kwa gundi ya karatasi kando ya mlango, kumwomba mtu asiyeujua aisome kwa sauti akiwa amesimama, na kuangalia ni wapi anaacha kutupia mlango jicho. Sentensi aliyoisoma bila kuinua uso ndiyo ya kwanza kuondolewa.

Uchaguzi wa namna hii una hatari yake: lebo inayosimama juu ya jambo moja huanguka yote jambo hilo likiwa si kweli. Kulainika kwa nakshi kunaweza kuletwa na msasa wa mkarabati badala ya mikono ya wakazi, kwa hiyo lazima kukaguliwe kwa taa iliyoelekezwa kutoka ubavuni. Mikono huviringisha kingo zilizoinuka na kuyaacha mabonde kama yalivyo, huku alama za patasi zikiwa bado kali ndani yake, na uchakavu huo hukusanyika pale mkono unapofika. Msasa huacha mikwaruzo myembamba inayokwenda sambamba, na kwa kawaida huenea eneo zima, hata juu ya kichwa ambako hakuna aliyekuwa akisukuma. Ikiwa pande zote mbili zimelainika sawasawa toka juu hadi chini, ile sentensi ya mikono haina ushahidi na itolewe, hata kama ndiyo tamu kuliko zote. Vilevile jalada liulizwe kama mfaa uliwahi kung’olewa na kurudishwa, kwa kuwa mlango uliosafirishwa huweza kufungwa upya kinyume.

Kwa hiyo mhifadhi anapoambiwa, “Tupunguzie haya maelezo yawe lebo,” ajibu kwa upole kwamba kilichopunguzwa kitakuwa muhtasari, na nafasi yake ni kwenye katalogi. Kisha aombe nusu saa mbele ya mlango wenyewe, akiwa na taa na karatasi tupu, na jalada alifungue baadaye, kuthibitisha alichokiona.