Tosti siyo hotuba jamani

Juzi tena, sherehe ya kampuni kutimiza miaka 10, MC anatangaza "sasa bosi atatupa tosti, nyanyueni glasi", tukanyanyua, bosi akachomoa karatasi tatu. Nimekaa na glasi hewani mpaka mkono ukafa ganzi, jirani yangu kaishia kuinywa kimyakimya.

Tosti ni maneno machache ya kumtakia mtu au kitu heri ambayo mwisho wake wote mnakunywa pamoja. Basi, hiyo ndo maana yake.

Na ndiyo, ni tosti ileile ya mkate. Asili yake ni Kilatini, neno la kukausha kwa moto, likapitia Kifaransa cha zamani likaingia Kiingereza. Waingereza zamani walikuwa wanatumbukiza kipande cha mkate uliochomwa, wenye viungo, ndani ya divai au bia ili kinywaji kinoge. Baadaye jina likahama toka kwenye mkate likaenda kwa mtu anayetakiwa afya, yaani yeye ndo anakinogesha kinywaji. Mwaka 1709 gazeti moja la London lilisimulia kuwa kule kwenye mji wa Bath, Uingereza, jamaa mmoja alichota maji aliyokuwa anaogea mrembo akayanywa kwa afya yake, mwenzake aliyeshalewa akasema maji hayataki, anataka tosti yenyewe, akimaanisha yule dada mle majini! Kama ilitokea kweli au la shauri yao, ila ona tosti hapo ni mtu, siyo maneno mengi.

Sasa hotuba inaisha watu wakipiga makofi, tosti inaisha watu wakinywa, kwa hiyo kila sentensi inawapeleka kwenye glasi na dakika moja inatosha kabisa. Bosi angesema tu hivi:

"Miaka 10 iliyopita tulikuwa wanne na meza moja, mguu wake mmoja niliuegemeza kwenye kitabu cha risiti. Meza sasa zipo nyingi, kitabu bado nakitafuta, mhasibu usiniangalie hivyo. Mwaka ule mishahara ilichelewa miezi miwili na hamkuondoka, sijasahau. Naomba tusimame na glasi zetu. Heri ya miaka 10!"

Wote: "Heri!" Wanakunywa, wanakaa.

Angalia utani ulipokaa, mwanzoni, na anajitania mwenyewe. Ungeuweka mwishoni watu wangecheka halafu wasijue wanywe saa ngapi, nusu wamekunywa nusu wanasubiri. Na glasi zinanyanyuliwa mwishoni, siyo kabla hajafungua mdomo. Iwe soda au maji sawa tu. Ila kama anayetakiwa heri ni mtu, mfano mfanyakazi wa kwanza kabisa, kwa desturi yeye anabaki amekaa wala hanywi, maana atakuwa anajitakia afya mwenyewe.

Kwa hiyo MC wangu, ukiona karatasi tatu we sema tu "hotuba", glasi zibaki mezani kwanza.