Biopsi ya kinywa: kinyama kinachukuliwa wapi, na kwa nini mahali ni muhimu

Dereva mmoja wa lori, mwanaume wa miaka 46, alinijia mjini Busia upande wa Uganda akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Yalikuwa majibu ya maabara. Kwa ufupi yalisema kinyama kilichotolewa kinywani mwake hakina saratani. "Daktari, hapa wameandika mimi ni mzima," akasema, "ila kidonda kimekataa kupona, mwezi wa nne sasa." Karatasi ile haikudanganya, na mtu yule alikuwa na saratani. Nitaeleza mambo hayo mawili yaliwezaje kuwa kweli kwa wakati mmoja, kwa sababu humo ndimo ilimo maana yote ya biopsi ya kinywa, yaani kukata kinyama kidogo ili maabara ikiangalie.

Tuanze na alichokuwa akiweka mdomoni. Kwa miaka tisa alitumia kuber, ile tumbaku iliyosagwa inayouzwa kwenye vipakiti vidogo, ukiimwaga mkononi unaweza kudhani ni majani ya chai. Hukaa kati ya fizi na shavu, au nyuma ya mdomo wa chini, na madereva na vijana wa boda boda huipenda kwa kuwa inawafukuzia usingizi. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015 ilipiga marufuku tumbaku ya namna hii nchini Uganda, lakini vipakiti bado vinapita mkono kwa mkono. Dereva wangu alikuwa anaweka upande wa kushoto, chini, mahali palepale kila siku. Tumbaku ina kemikali ziitwazo nitrosamini, ambazo huharibu vinasaba vya seli, na ukiibana sehemu moja saa nyingi kila siku, ngozi laini ya pale ndiyo inayokunywa sumu yote. Kwa hiyo nikimwona mtafunaji, swali langu la kwanza huwa: unaweka upande gani? Kisha naangalia hapo kabla ya kwingine.

Wanaotafuna tambuu nao wamo katika habari hii. Wapo Kampala na Jinja, hasa katika familia zenye asili ya Kihindi, na pia ndugu zetu waliotoka pwani. Jani la tambuu hukunjwa na popoo, chokaa na katu, na wengi huongeza tumbaku. Nimesikia mara nyingi mama akisema, "Mimi sitii tumbaku, yangu ni tambuu tupu." Ninamheshimu, lakini lazima nimwambie ukweli. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilieleza katika chapisho lake la mwaka 2004 kwamba popoo yenyewe, hata bila tumbaku, inasababisha saratani kwa binadamu. Popoo ina madhara mengine yake: hufanya nyama ya ndani ya mashavu kukakamaa na kuwa na makovu, hadi mdomo unagoma kufunguka. Dalili ya mwanzo ni kwamba pilipili aliyoizoea mtu tangu utotoni inaanza kumchoma vibaya. Kipimo cha nyumbani ni vidole vyako mwenyewe: mtu mzima wa kawaida huingiza vitatu vilivyosimama kati ya meno ya juu na ya chini. Vikiingia viwili tu, na mtu anatafuna popoo, anahitaji kuonwa.

Sasa doa. Ndani ya shavu la dereva kulikuwa na utando mweupe wenye mikunjo, upana wa vidole viwili. Kabla hajanifikia alikuwa amepakwa dawa ya zambarau mara mbili, kwa kudhaniwa ni fangasi. Kosa hilo ninalielewa, maana fangasi wa kinywa ni wengi hapa kwetu, hasa kwa watu wenye VVU. Ila kuna njia rahisi ya kutofautisha: chukua kipande cha gozi, bana, futa. Utando wa fangasi wa kawaida hutoka na kuacha wekundu chini. Doa lisilofutika, ambalo huwezi kulielezea kwa jino lenye ncha, kung'ata shavu au ugonjwa mwingine unaojulikana, ndilo linaloitwa lukoplakia. Neno hilo halimaanishi saratani. Lukoplakia nyingi hazigeuki kuwa saratani maisha yote ya mtu, na ninasisitiza hilo kwa sababu nimewaona watu wakiacha kula kwa hofu baada ya kusikia jina tu.

Kinachonishtua mimi ni wekundu. Doa jekundu laini kama mahameli, au jeupe lililochanganyika na madoadoa mekundu, ni hatari kuliko jeupe tupu, tena kwa mbali sana. Madoa mekundu yasiyo na sababu nyingine, yakikatwa na kuangaliwa, mengi sana hukutwa tayari yana saratani au yamekaribia kabisa. Jambo la pili ni ugumu. Macho peke yake hayatoshi. Ninavaa glavu na kubinya doa kati ya kidole cha ndani na cha nje ya shavu. Kidonda cha kawaida ni laini na kinauma. Saratani ina ukingo mgumu, kama umeshika kipande cha soli ya kandambili ndani ya nyama, na mwanzoni mara nyingi haiumi. Kutouma ndiko kunakowachelewesha watu. Wanangojea maumivu, nayo hufika ugonjwa ukiwa umeenda mbali.

Katika doa la dereva, nyuma kabisa karibu na jino la mwisho, palikuwa na sehemu nyekundu yenye kidonda, kama punje ya maharage kwa ukubwa, milimita 14 nilipopima. Ukingo wake ulikuwa mgumu. Kidonda chenye sababu inayoonekana tunakiondolea sababu, tunasaga jino lenye ncha, tunasimamisha kuber, na tunampa mtu wiki mbili. Kisipopona katika wiki hizo mbili, kinakatwa kipimo. Cha huyu kilishavuka miezi mitatu, hapakuwa na la kusubiri.

Nikamuuliza waliomkata mara ya kwanza walikata wapi. Akaonyesha kovu dogo mbele, karibu na kona ya mdomo, katikati ya utando mweupe. Hapo ndipo kilipopotea kila kitu. Mtaalamu wa patholojia anaona kile tu alicholetewa. Aliletewa ngozi nene nyeupe, akaandika kwa haki kwamba ni ngozi iliyonenepa bila saratani. Sentimita nne nyuma yake ugonjwa ulikuwa unaendelea. Aliyekata alichagua mahali palipofikika kwa urahisi, na mbele ya mdomo ndiko kunakofikika. Ninasikitika kila nikikumbuka, kwa sababu mgonjwa alirudi nyumbani akawaambia watoto wake amepona.

Kanuni ni kukata sehemu inayotisha kuliko zote: palipo pekundu, pagumu au penye kidonda. Ila usichukue katikati ya kidonda, kwa sababu pale mara nyingi pana nyama iliyokufa na usaha ambao hauwezi kusomeka. Chukua ukingoni, ukishika kidonda kidogo na ngozi ya pembeni kidogo. Doa likiwa kubwa na lenye sura tofauti tofauti, chukua vipande viwili au vitatu, kila kimoja na chupa yake.

Nilimchoma ganzi, lignokeini asilimia 2 yenye adrenalini, kuzunguka mahali pale na siyo ndani yake, maana dawa ikijaa ndani ya nyama huivuruga na msomaji wa maabara hushindwa. Nikakata kipande cha umbo la jani, urefu karibu milimita 8 na kina milimita 4. Kina ni muhimu. Swali linaloulizwa ni kama seli mbaya zimevunja sakafu ya ngozi na kuingia chini. Ukikwangua juu juu, sakafu yenyewe haimo kwenye kipande. Nilikishika kwa uzi badala ya koleo, kwa sababu meno ya koleo huponda seli. Nyuzi mbili za kushonea, gozi la kubana dakika kumi, basi. Kazi yote haikufika nusu saa, na jioni alikula uji wa vuguvugu.

Hatukutoa kidonda chote, na ndugu yake aliuliza kwa nini, akiwa na hasira kidogo. Nikamwambia: tukikiondoa chote leo, kisha majibu yakasema ni saratani, daktari wa upasuaji hatajua kilikuwa wapi hasa wala akate hadi wapi. Aliogopa pia kwamba kisu "kitaiamsha". Hofu hiyo nimeikuta Busia, nimeikuta Kampala, na ninaijibu kila mara bila kuchoka: kukata kipimo kidogo hakuifanyi saratani ya kinywa isambae. Watu hukumbuka kwamba jirani alikatwa kisha akafa, lakini jirani yule alikatwa akiwa amechelewa tayari.

Chupa nayo ina mambo yake. Kipande kinaingia kwenye fomalini ya asilimia 10 papo hapo, na dawa iwe angalau mara kumi ya ujazo wa kipande. Nimepokea vipande vilivyotumwa ndani ya maji ya chumvi na kimoja ndani ya spiriti; vilikuwa vimeoza au vimekauka, na mgonjwa akakatwa upya. Jina linaandikwa kwenye mwili wa chupa, kamwe si kwenye kifuniko, kwa kuwa maabara hufungua vifuniko vingi kwa pamoja. Kwenye fomu niliandika umri, miaka tisa ya kuber, upande, na nikachora kinywa nikiweka alama ya msalaba nilipokata. Mchoro huo mdogo humwambia mwenzetu wa maabara mengi kuliko aya mbili.

Majibu ya biopsi ya kinywa huja kwa ngazi. Kuna ngozi iliyonenepa tu. Kuna disiplasia, yaani seli zimeanza kupoteza mpangilio wake, nayo ni hafifu, ya wastani au kali, kulingana na jinsi vurugu ilivyopanda kutoka tabaka la chini kwenda juu. Kisha kuna saratani yenyewe, pale seli zinapovunja sakafu. Na majibu yakisema "hakuna" wakati kidole chako kinahisi ugumu, amini kidole, rudia kukata.

Ya dereva yalirudi baada ya wiki mbili: saratani ya seli bapa, zile zinazofunika ndani ya kinywa. Nilipapasa shingo yake tena, chini ya taya na kando, sikukuta tezi iliyovimba. Chini ya sentimita 2 na shingo safi, ilionekana bado iko katika hatua ya kwanza. Nilimwandikia barua ya kwenda Mulago, Kampala, ambako Taasisi ya Saratani ya Uganda imekuwepo tangu 1967, nikaambatanisha majibu yote mawili, ya zamani na mapya, ili wasije wakasoma lile moja.

Alifanyiwa upasuaji, wakaondoa kidonda pamoja na sentimita moja ya nyama nzima kuzunguka. Sasa anarudi kwangu kila mwezi. Anakaa kwenye kiti, anavua kofia, anafungua mdomo kabla sijamwambia, na mwenyewe analivuta shavu la kushoto kwa kidole.